Mtihani wa njeo mchanganyiko: mwanafunzi anakosa wapi, chanzo ni nini, na unamrekebisha vipi

Hii nawaandikia wanaofundisha wageni Kiswahili, iwe darasani, iwe una shemeji Mjerumani unamsaidia jioni, hata wewe mwenyewe kama unajifunza na umeshafika ile ngazi ya kati ambapo unaongea vizuri tu lakini vitenzi vinakusaliti. Nitaweka mtihani wa maswali kumi na mbili, kila jibu lina kanuni yake ya mstari mmoja, halafu chini ndo penye kazi yenyewe, maana alama peke yake haikuambii kitu. Watu wawili wanaweza kupata nane juu ya kumi na mbili na shida zao zikawa tofauti kabisa.

Kwanza neno moja kuhusu hizo kanuni za mstari mmoja, coz hapa ndo wengi tunapoharibu. Ukimwandikia mtu "-me- ni wakati uliopita timilifu" hujampa kanuni, umempa jina. Atalikariri na kesho atakosa vilevile. Kanuni inayofanya kazi inamwonyesha kitu ndani ya sentensi yenyewe, neno au hali, kinachoamua jibu: ukiona "bado", basi -ja-, ukiona "kabla" bila "ya", basi kanusho la -ja-. Mwanafunzi akisoma kanuni aweze kurudi kwenye swali aweke kidole mahali na kusema aah, ni hapa. Zote za hapa chini nimejaribu kuziandika hivyo.

Mtihani wenyewe, ajaze nafasi kwa kitenzi kilicho kwenye mabano, dakika ishirini zinatosha, asitumie daftari:

1. Nyamaza, mtoto ______ (kulala), utamwamsha.
2. Jana jioni Juma ______ (kufika) saa mbili.
3. – Umeshakula? – Bado, ______ (mimi, kula).
4. Jana tulimsubiri mpaka saa sita usiku, ______ (yeye, kuja).
5. Aliingia ndani, ______ (kuchukua) mwavuli, ______ (kutoka) tena bila kusema neno.
6. Nilipopita uwanjani niliwaona watoto ______ (kucheza) mpira.
7. Mvua ______ (kunyesha) kesho, hatutakwenda shamba.
8. Bibi yangu ______ (kuamka) alfajiri kila siku. (usitumie -na-)
9. Kama ______ (mimi, kuwa) na pesa sasa hivi, ______ (mimi, kununua) baiskeli.
10. Tuondoke kabla mvua ______ (kuanza).
11. Tulipofika stendi, basi ______ ______ (kuwa, kuondoka), tukalala palepale.
12. Jirani yetu ameacha kabisa, siku hizi ______ (kula) nyama.

Majibu na kanuni:

1. amelala. Tendo limeshapita lakini hali yake iko mbele ya macho yako sasa: -me-.
2. alifika. "Jana" imetaja muda uliokwisha na kufungwa: -li-.
3. sijala. "Bado" inasema nafasi ya kutenda ingalipo: -ja-, na kula inaacha ku- yake.
4. hakuja. "Jana" imefunga nafasi, hakuna tena kusubiri: kanusho la -ku-.
5. akachukua, akatoka. Tendo linalofuata nyuma ya lenzake lenye -li-, kwa mpangilio: -ka-.
6. wakicheza. Tendo lilikuwa linaendelea wakati huohuo ulipoliona: -ki-.
7. ikinyesha. Sharti linaloweza kutimia, na upande wa pili una -ta-: -ki-.
8. huamka. "Kila siku" ni mazoea: hu- peke yake, bila kiambishi cha nafsi.
9. ningekuwa, ningenunua. Pesa huna, unawaza tu: -nge- pande zote mbili.
10. haijaanza. "Kabla" ikifuatwa na kitenzi chenye nafsi, kitenzi kinakuwa kanusho la -ja-.
11. lilikuwa limeondoka. Kitenzi cha kwanza kinasema lini, cha pili kinasema hali ilikuwaje muda huo.
12. hali. "Siku hizi" na kanusho: hakuna kiambishi cha wakati, mwisho ni -i, na ku- inaondoka.

Kabla hujasahihisha gawa alama mbili. Swali la 11 mtu akiandika "basi ilikuwa imeondoka", njeo kapatia, kilichoyumba ni ngeli, tena hiyo ngeli hata sisi wenyewe stendi tunaisema hivyo. Ukimkata alama nzima utadhani hajui njeo ambatani kumbe anaijua. Mi naandika safu mbili pembeni, moja njeo, moja umbo, na ninachosoma kwanza ni safu ya njeo. Na kwenye namba 6 akiandika "wanacheza" usimkosoe kama kakosea, watu wanasema hivyo kila siku, mwambie tu -ki- ndo inayobana matendo mawili pamoja. Namba 11 pia "lilikuwa limeshaondoka" ni sawa kabisa.

Sasa tuingie kwenye dalili.

Dalili: "mtoto analala", "nimevaa" inakuwa "ninavaa", "nimechoka" inakuwa "ninachoka"

Hii ndo naiona kuliko zote. Chanzo chake si kwamba hajui -me-, ukimuuliza -me- ni nini atakujibu vizuri tu. Chanzo ni kwamba anadhani kitenzi cha Kiswahili kinaeleza hali, wakati vitenzi vyetu vingi vinaeleza kuingia kwenye hali. Kusimama ni kule kuinuka, kukaa ni kule kuteremka kwenye kiti, kuvaa ni kule kuingiza mikono kwenye shati, kushiba ni kufika pale pa kushiba. Ukishaingia, ndo unasema amesimama, amekaa, amevaa, ameshiba. Kwa hiyo "anavaa" ni mtu yuko chumbani anahangaika na vifungo, na "ninachoka" ni mtu nguvu zinamwishia taratibu. Na "analala" tunaitumia sana kwa maana nyingine kabisa, analala kwa bibi yake, yaani ndiko anakolala siku zote.

Jinsi ya kuhakikisha kama chanzo ni hiki: mpe sentensi tatu zaidi za vitenzi vya namna hii, tuseme kuiva, kujaa, kupotea. Ndizi hizi ______, unaweza kula. Ndoo ______, funga bomba. Funguo zangu ______, nisaidie kutafuta. Akikosa zote ujue ndo yenyewe. Akipatia zote na namba 1 alikosa, basi ni kulala tu alijifunza vibaya, msahihishe neno moja muendelee.

Dawa yake mi natumia sufuria ya wali. Wali haujaiva, subiri. Wali unaiva, uko kwenye makaa, unakaribia. Wali umeiva, pakua. Wali uliiva saa saba, tukala, umekwisha. Kitu kimoja, vitenzi vinne, na kila kimoja kina kitendo unachoweza kufanya: unasubiri, unachungulia, unapakua, au unasimulia. Mwanafunzi akishashika kwamba -me- inamwambia afanye kitu sasa hivi (pakua, nyamaza, funga bomba) huwa harudi nyuma.

Ila angalia, dawa hii ukizidisha inaleta ugonjwa mwingine. Wiki inayofuata atakuja na "nimejua Kiswahili kidogo" na "nimependa samaki", kwa sababu ameamua hali zote ni -me-. Kujua, kupenda, kutaka, kuishi, hizi zinakaa na -na-: najua, napenda, nataka, naishi. Ukisema "nimempenda" maana yake umeingia, zamani ulikuwa humpendi na sasa ndo hivyo. Mwambie mapema, kabla hajaanza kujisahihisha mwenyewe vibaya.

Dalili: "bado sikula", "barua haikufika" wakati posta bado anaisubiri

Namba 3 na 4 nimeziweka karibu makusudi. Mtu akipatia zote mbili yuko salama. Akiweka -ku- zote mbili, chanzo ni kwamba alifundishwa kanusho kama jedwali, -li- inakuwa -ku-, -me- inakuwa -ja-, na yeye kichwani -li- na -me- ni kitu kimoja, basi anachukua ile ya kwanza. Akiweka -ja- zote mbili, "jana hajaja", huyo kasikia sana "bado" mitaani na sasa kila kisichotokea kwake ni "bado".

Mimi naieleza kwa mlango. -ja- mlango uko wazi, huyo mtu anaweza kuingia dakika yoyote. -ku- mlango umefungwa, habari imekwisha. Barua haijafika, nenda kesho tena posta. Barua haikufika, andika nyingine. Na hii si mambo ya sarufi tu jamani, kuna mwanafunzi alikuwa anakaa na familia, asubuhi akaulizwa kwenye simu bibi yuko wapi, akajibu "bibi hakuamka". Alitaka kusema bibi bado kalala. Upande wa pili wa simu ulinyamaza, halafu yakaanza maswali kwa sauti ya juu, kwa sababu mswahili akisikia hakuamka, mlango umefungwa, anaelewa vingine kabisa. "Hajaamka" ingetosha. Mwanafunzi yule mpaka leo hajakosea tena hiyo, lakini nisingependa mtu mwingine ajifunze kwa njia hiyo.

Hapohapo ndo inaingia namba 10. "Kabla mvua ilianza", "kabla mvua itaanza", zote utazikuta. Chanzo ni kwamba kwenye lugha yake kabla haidai kanusho, na kweli ukifikiria ni ajabu, tunasema haijaanza wakati tunajua itaanza. Lakini ukirudi kwenye mlango inaeleweka: wakati ule tunaondoka mlango wa mvua uko wazi, mvua bado. Kama anashindwa kabisa mpe njia ya pili ambayo haina kanusho, kabla ya mvua kuanza, "ya" na ku-, asiyachanganye haya mawili. "Kabla ya haijaanza" si chochote.

Kitu kingine, mwanafunzi anayeishi mtaani atakuletea "nshakula", "ashafika", na wa Zanzibar atakuletea "keshafika". Usimwambie kakosea. Zote ni ileile amekwisha kufika, ikafupishwa ikawa amekwishafika, ameshafika, halafu watu wakaendelea kukata. Mwonyeshe tu njia hiyo, na mwambie kwenye mtihani aandike ameshafika.

Dalili: ku- inaingia pasipotakiwa na kutoka panapotakiwa

"Anala", "akikula", "hakukula", "ameikula". Wengi wanakariri orodha hapa, kwamba na na li na me na ta zinabaki na ku-, ki na ka na hu hazibaki, na orodha hiyo inasahaulika baada ya siku tatu. Kumbe kuna chanzo kimoja tu na kinasikika masikioni.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa kitenzi kama kula mzizi wake ni silabi moja, -la. Ukisema a-na-la, mkazo unaangukia -na-, na -na- haiwezi kubeba mkazo, wala -li-, -me-, -ta-, -nge-, -ngali-. Kwa hiyo ku- inaingia kama mchukuzi, inabeba mkazo: a-na-KU-la, a-li-KU-la, a-me-KU-la, a-nge-KU-la. Lakini -ki-, -ka-, -ja-, hu- na -ku- ya kanusho zina nguvu zake, zinabeba zenyewe, mchukuzi hahitajiki: a-KI-la, a-KA-la, ha-JA-la, HU-la, ha-KU-la. Na ukiweka kiambishi cha mtendwa, chenyewe kinabeba pia, ndo maana ni a-me-I-la, ameila ndizi, na siyo ameikula. Hiyohiyo inakwenda kwa kuja, kunywa, kufa na wenzake wafupi.

Kuhakikisha: mwambie asome kwa sauti huku akigonga meza kwenye mkazo. Mkono ukigonga -na- au -li-, pale kuna ku- imekosekana. Nimeona watu wanajirekebisha wenyewe kwa kugonga tu, bila kukumbuka orodha yoyote.

Namba 12 wanaikosa kwa sababu nyingine, "hali nyama" haionekani kama kitenzi, inaonekana kama ile hali ya hewa. Mtu anaandika "hakuli" au "hakula". Mpe mfululizo mzima, sili, huli, hali, hatuli, hamli, hawali, auseme mara mbili tatu mpaka masikio yazoee ufupi wake.

Na niseme ukweli, "sijakula" utaisikia kila kona, Nairobi, Dar, kwenye redio, kwa watu wasomi. Kwenye safu ya umbo mi naandika duara, sio msalaba. Sijala ndo sanifu na ndo itakayompa alama kwenye mtihani rasmi, lakini aliyeandika sijakula njeo kaipatia, na huwezi kumweka kundi moja na aliyeandika sikula au aliyeandika "anala", ambayo hakuna anayeisema.

Dalili: hadithi yote ni -li- -li- -li-, au yote ni -ka-

"Aliingia na alichukua mwavuli na alitoka." Hii si kosa la kufelisha mtu, inaeleweka, ila inasikika kama maelezo yanayoandikwa polisi, kila tendo limesimama peke yake. Chanzo chake, wengi walifundishwa -ka- mwishoni mwa kitabu kama pambo. Mwonyeshe kwamba -ka- ndo inayofanya kazi ya "halafu", kwa hiyo akiitumia hahitaji "na" wala "halafu".

Anayeitia -ka- kila mahali ndo ana shida kubwa zaidi, maana huyo atakosa na namba 6, ataandika "niliwaona watoto wakacheza". Mpe jozi hii moja tu: nilimwona akianguka, nilimwona akaanguka. Ya kwanza, macho yangu yalikuwa juu yake anapoanguka. Ya pili, nilimwona kwanza, kisha ndo akaanguka, labda hata kwa sababu alishtuka kuniona. Muulize "nani alikuwa wa kwanza, kuona au kuanguka?" Akiweza kujibu swali hilo kwa kila sentensi, tofauti ya -ki- na -ka- ameishika.

Swali litakalofuata ni -ka- inakanushwaje. Haikanushwi. Tunazunguka: alitafuta kila mahali asione kitu, akaita watu wasiitike. Wanafunzi wa kati wakipewa hii wanafurahi sana kwa sababu wameisikia kwenye hadithi na hawakujua ni nini.

Dalili: "ninahuamka", au anasoma "husafiri" anaelewa kinyume

Ya kwanza ni nyepesi, hu- haitaki nafsi, unasema mimi huamka, wao huamka, nafsi inajulikana kwa neno la nje. Akiwa ametoka Kenya anaweza kukuandikia "anaamkanga", hiyo -nga ya mwisho ndo mazoea kwa wasemaji wengi wa huko, mwambie tu kwenye maandishi sanifu kazi hiyo inafanywa na hu-.

Ya pili ina mtego wa kweli. Kuna hu- ya mazoea na kuna hu- ya "wewe" kwenye kanusho. Kwa vitenzi vyetu vya kibantu mwisho unatenganisha, husoma ni mazoea, husomi ni wewe usiyesoma. Lakini vitenzi vilivyotoka Kiarabu havibadilishi mwisho, kusafiri, kufikiri, kujibu, kwa hiyo "wewe husafiri" ikisimama peke yake inaweza kuwa mtu wa safari kila mara au mtu asiyesafiri. Hapo hata sisi tunategemea maneno ya pembeni. Kwa hiyo ukitunga swali la hu-, usitumie kitenzi cha namna hii na nafsi ya wewe, utakuwa umemtega mtoto wa watu bila sababu. Na kwa mazoea yenye kanusho mwambie atumie huwa: huwa haamki mapema.

Dalili: "kama nilikuwa na pesa ningenunua"

Namba 9. Chanzo, anatafsiri upande wa kwanza kutoka kwao. Kanuni ya pande mbili inatosha, ukiona -nge- upande mmoja angalia upande mwingine. Wengine wataleta -ngali-, ningalikuwa, kwa mambo yaliyokwisha kupita na hayarudi, na walimu wanabishana mpaka jioni kama watu bado wanazitofautisha. Vitabuni tofauti ipo, kwenye mazungumzo wengi wanatumia -nge- kwa yote. Ndo maana swali nimeweka "sasa hivi", ili ubishi usiingie. Kanusho lake ni nisingekuwa na pia singekuwa, pokea zote.

Mfano wa mtu mmoja

Niwape kesi moja kamili ili muone inavyosomwa. Mwanafunzi, mwaka wa pili wa kujifunza, anaongea bila woga, alipata nane. Alizokosa ni 1 (analala), 3 (sikula), 10 (kabla mvua ilianza) na 11 (basi liliondoka). Ukiangalia haraka ni maswali manne ya mada nne, unaweza kuanza kumfundisha kila moja upya mwezi mzima. Lakini weka majibu sahihi kwenye mstari mmoja: amelala, sijala, haijaanza, limeondoka. Zote ni -me- au kanusho lake. Na 2 na 4 alipatia vizuri, yaani -li- na -ku- ziko imara, imara kupita kiasi, zimemeza nafasi ya jirani. Kwa hiyo ana tundu moja tu.

Tukaacha mengine yote. Kikao cha kwanza sufuria ya wali, halafu tukazunguka nyumba nzima, taa imewaka, mlango umefungwa, chai imepoa, nguo hazijakauka, kila kitu aseme kilivyo na mimi namuuliza "kwa hiyo tufanye nini?" Kikao cha pili bado na tayari, maswali na majibu tu kwa nusu saa, umeshapiga simu? bado sijapiga. Kikao cha tatu tukarudisha nyuma kwa kuwa: jana ulipofika, taa ilikuwa imewaka? nguo zilikuwa zimekauka? Hapo namba 11 ilifunguka yenyewe, kwa sababu limeondoka alishakuwa nalo, akaongeza lilikuwa mbele tu.

Baada ya wiki mbili nikampa mtihani uleule kwa mifupa, vitenzi vipya. "Wali ______, pakua." "Umeshaoga? Bado, ______." "Tufunge dirisha kabla vumbi ______ (kuingia)." "Tulipofika sokoni, maduka ______ ______ (kuwa, kufunga, kauli ya kutendwa)." Usimrudishie sentensi zilezile, atakuwa anakumbuka majibu. Alipatia 1, 3 na 11, ila 10 akakosa tena, akaandika "kabla vumbi limeingia". Angalia hapo, kosa limebadilika, mara ya kwanza alitumia -li-, sasa anatumia -me-. Kwa hiyo tundu la -me- limezibika, kilichobaki ni kabla yenyewe, nacho ni kitu tofauti, ni umbo la kukariri. Nikampa sentensi kumi za kabla, kabla hujala nawa mikono, kabla hatujalala funga mlango, kabla hujaondoka zima taa, aziandike kwenye karatasi abandike kila moja pale inapohusika, ya mlango mlangoni, ya taa kwenye swichi. Mtihani wa tatu akaandika halijaingia.